Chumvi Iliyeyuka au Ilimumunyuka? Neno la Jikoni na Neno la Darasani

"Mwalimu, assalamu alaykum. Mwanangu yuko gredi ya nane hapa Lamu. Nikimuuliza mambo ya sayansi kwa Kiswahili hunijibu vyema, lakini karatasi za mtihani hurudi na alama za chini. Na Kiingereza anakijua, maana jioni huzungumza na wageni pale ufuoni Shela bila taabu. Nimemwandikia orodha ya maneno ya sayansi na tafsiri zake, akariri thelathini kila wiki, lakini sioni tofauti. Je, niendelee hivi au kuna njia nyingine?" Mama wa Mkomani, Lamu.

Wa alaykumu ssalamu, Mama. Orodha hiyo ningekuomba uisimamishe kwa sasa, na sababu yake si kwamba mwanao ni mvivu wa kukariri wala kwamba maneno thelathini ni mengi mno. Sababu ni kwamba orodha ya namna ile humfundisha mtoto jambo lisilo kweli, yaani kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake mmoja wa Kiswahili, nayo yamekaa mawili mawili kama jozi za viatu. Pale ambapo jambo hilo ni kweli, mtoto hana haja kubwa ya orodha, na pale ambapo si kweli, orodha humpoteza. Nitaeleza kwa kitenzi kimoja tu, nacho ni kuyeyuka, kwa kuwa katika miaka niliyofundisha kemia hapa Malindi sikumbuki kitenzi kingine kilichowanyima wanafunzi wetu alama nyingi kama hicho, na ukishakielewa utaweza kuyatambua maneno mengine ya aina yake wewe mwenyewe. Maneno ya Kiingereza nitayaandika kama tunavyoyatamka, kwa sababu mwanao huyasikia kabla ya kuyasoma.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisahihisha karatasi za wanafunzi wangu, na swali moja liliuliza ni jambo gani hutokea chumvi ya mezani ikitiwa katika maji na kukorogwa. Mwanafunzi aliandika kwa Kiingereza kwamba chumvi ilimelti, nami nikampa sifuri. Mwaka uliofuata jibu lile lile lilikuja tena kutoka kwa wanafunzi wengine, tena wengi, na nikawapa sifuri vilevile, nikidhani kwamba hawakusoma. Kisha siku moja nilimwita mmoja wao mezani na kumuuliza kwa Kiswahili kumetokea nini ndani ya ile bilauri. Akanijibu: "Chumvi imeyeyuka, Mwalimu, lakini bado imo humo humo. Ukiyaonja maji utaisikia, na ukiyaanika juani itarudi." Hilo lilikuwa jibu kamili la kemia. Kijana yule alikuwa anaujua ukweli wa chumvi na maji, na mimi nilikuwa nimemnyima alama kwa kudhani kwamba neno baya ni ushahidi wa fikra mbaya. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya niache kusahihisha sayansi kwa kutazama neno peke yake.

Sasa tazama kilichomkuta. Katika Kiswahili chetu cha nyumbani, kuyeyuka ni kitenzi chenye kazi mbili. Barafu iliyoachwa nje ya friji huyeyuka, samli ikiwekwa kwenye jiko huyeyuka, na nta ya mshumaa huyeyuka ikatiririka ubavuni mwake. Lakini vilevile sukari huyeyuka katika chai, na chumvi huyeyuka katika mchuzi. Hatusikii kasoro yoyote, kwa kuwa mpishi anachotaka kujua ni kwamba kile kigumu hakionekani tena, na neno moja linamtosha. Kiingereza cha darasani kimezigawa kazi hizo mbili kwa maneno mawili tofauti. Barafu, samli na nta humelti. Sukari na chumvi zikiwa majini hudizolvu. Mtoto aliyekariri katika orodha kwamba 'melti' ni kuyeyuka ana haki zote za kusema kwamba chumvi ilimelti katika maji, kwa sababu orodha imemruhusu. Na ikiwa mstari wa chini yake unasema kwamba 'dizolvu' nayo ni kuyeyuka, basi atayachukua maneno hayo kuwa ni mamoja, kama vile 'runinga' na 'televisheni' yanavyotaja kitu kimoja.

Tofauti iliyopo si ya maneno tu. Kitu kinapomelti, kinachohusika ni kitu kimoja na joto. Barafu ni maji tangu mwanzo, na baada ya kupata joto la kutosha inakuwa maji ya kumiminika, bila kuongezwa chochote. Kitu kinapodizolvu, vinavyohusika ni vitu viwili, kimoja kikisambaa ndani ya mwenzake. Chembe za chumvi, ambazo ni za sodiamu na za kloridi, huvutwa na chembe za maji, zikatengana na kutawanyika humo mpaka jicho haliwezi kuziona. Joto si sharti lake. Kwa chumvi ya mezani, maji baridi hupokea karibu kiasi kile kile ambacho maji ya moto hupokea, yaani karibu gramu 36 katika kila gramu 100 za maji kwa joto la kawaida la chumba, na maji yakikaribia kuchemka kiasi hicho huongezeka kwa gramu chache tu. Kinachobadilika sana katika maji ya moto ni kasi, kwamba chumvi hupotea machoni upesi zaidi.

Ili mtoto alione hilo bila kubishana na kamusi, mpeleke jikoni siku unayopika kaimati. Sukari itakuonyesha mambo yote mawili katika sufuria moja, na sijui kitu kingine cha nyumbani kinachofanya hivyo vizuri zaidi. Unapopika shira, unatia sukari katika maji na kuikoroga, nayo inapotea ndani ya maji hata kabla hayajachemka. Hapo sukari imedizolvu. Shira hiyo ukiiacha ikaukie sana, utakuta punje za sukari zimerudi kandokando ya sufuria. Sasa chukua kijiko kimoja cha sukari kavu, ukitie katika sufuria kavu juu ya moto mdogo bila tone la maji. Baada ya muda itaanza kuloana yenyewe, ikatiririka, kisha ikageuka rangi ya kahawia na kutoa harufu ya kuungua. Hapo sukari imemelti, kwa joto la karibu digrii 186 za Selsiasi, na karibu wakati huo huo imeanza kuharibika, ndiyo maana sukari nyeupe uliyoanza nayo huwezi kuirudisha. (Hilo alifanye mtu mzima, na mtoto akae mbali kidogo, kwa sababu sukari iliyomelti inaunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, tena hushika ngozini.) Kwa jikoni, zote mbili ni "sukari imeyeyuka". Kwa darasani, ni matukio mawili yasiyofanana sababu wala matokeo.

Chumvi yenyewe haiwezi kumelti jikoni kwako hata ukikaa nayo siku nzima, kwa kuwa inahitaji joto la digrii 801 za Selsiasi, na maji katika sufuria iliyo wazi hayapiti digrii 100. Ukimpa mwanao nambari hizo mbili tu, atakuwa na njia ya kujisahihisha mwenyewe katika mtihani bila kutegemea kumbukumbu ya orodha. Atajiuliza: je, hapa kulikuwa na digrii 801? Kama hakukuwa nazo, basi chumvi haikumelti, na neno linalotakiwa ni lile jingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa ninalotaka kukuambia. Mtoto hawezi kuyatenga maneno mawili ya Kiingereza ikiwa bado hajaitenga dhana katika lugha anayofikiria. Watu wengi, wakiwemo walimu wenzangu, hudhani kwamba dawa yake ni kumkataza Kiswahili ili azoee Kiingereza. Mimi naona kinyume chake, kwamba mgawanyo unatakiwa ufanyike kwanza katika Kiswahili, kisha kila upande upewe jina lake la Kiingereza. Na bahati ni kwamba Kiswahili kina neno la kufanyia kazi hiyo. Mtoto akitia pipi mdomoni na kuinyonya polepole bila kuitafuna, tunasema anaimumunya. Kutokana na mzizi huo tuna kumumunyuka, na katika maandishi ya afya na kilimo ya Tanzania utakuta neno mumunyifu, kwa mfano vitamini zilizo mumunyifu katika maji na zilizo mumunyifu katika mafuta. Basi amueni nyumbani kwenu kwamba, kwa mambo ya shule, barafu huyeyuka na chumvi humumunyuka. Kuyeyuka kutaenda na 'melti', na kumumunyuka kutaenda na 'dizolvu'. Si lazima mpishi abadilishe usemi wake. Lakini mtoto anapofungua daftari la sayansi, anajua kwamba sasa maneno haya mawili hayabadilishani nafasi.

Mtoto wa Lamu hapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Nyumbani husema 'mato' na shuleni huandika 'macho', wala hachanganyikiwi, kwa sababu anajua kwamba mahali pamoja pana usemi wake na mahali pengine pana usemi mwingine. Kinachoongezeka hapa ni kwamba safari hii si sauti tu inayobadilika bali mpaka wa maana, na mpaka wa maana hauonekani mpaka mtu akuonyeshe.

Kuna mtego mwingine katika sarufi ambao orodha haiwezi kuuonyesha. Katika Kiswahili tunasema chumvi imeyeyuka majini, na kile kiambishi cha -ni, au neno katika, au kwenye, hutosheleza hali zote. Katika Kiingereza cha sayansi kila kitenzi huja na mwandani wake. Kitu hudizolvu 'in' kitu kingine, kwa hiyo ukilitumia neno hilo msomaji husubiri kuambiwa ni ndani ya nini. Kitu humelti 'at' joto fulani, kwa hiyo msomaji husubiri nambari ya digrii. Mwanafunzi aliyejifunza neno pamoja na mwandani wake hupata onyo la mapema: akianza kuandika 'melti' kisha kalamu ikataka kuandika 'in', na kinachofuata ni maji, mkono unapaswa kusita. Ndiyo maana nasema mtoto asijifunze neno, ajifunze sentensi nzima, ndogo, sahihi, iliyonakiliwa kutoka kitabu chake cha darasani. Sentensi hubeba neno, mwandani wake na kipimo chake kwa pamoja.

Kabla hujaanza kazi hiyo, hata hivyo, unatakiwa kujua kosa la mwanao limelala wapi, kwa sababu yapo makosa mawili yanayofanana kwenye karatasi. La kwanza ni lile la mwanafunzi wangu, ambaye fikra yake ilikuwa sahihi na neno lilikuwa baya. La pili ni la mtoto anayeamini kweli kwamba chumvi imegeuka kuwa maji, au kwamba imekwisha, na kwa huyo neno baya ni dalili ya jambo lililo chini yake. Kwenye mtihani wote wawili wataandika 'melti' na wote wawili watapata sifuri. Utawatofautisha kwa kuuliza kwa Kiswahili, na maswali matatu yanatosha.

Chukua mizani ndogo ya dukani, ile ya kupimia bizari, inayoweza kusoma gramu moja moja. Pima gramu 100 za maji katika bilauri baada ya kuondoa uzani wa bilauri yenyewe, kisha pembeni pima gramu 10 za chumvi, kama vijiko viwili vidogo hivi. Kabla ya kuchanganya, muulize swali la kwanza: nikiitia chumvi hii na kuikoroga mpaka isionekane, mizani itasoma ngapi? Mtoto mwenye fikra sahihi atasema 110. Mtoto anayeamini kwamba chumvi imekwisha atasema 100, na wapo wanaosema 105 kwa kuwa wanahisi chumvi imekuwa nyepesi baada ya kuyeyuka. Usimsahihishe, changanya na umwache asome mwenyewe. Itakuwa 110, ukikoroga bila kumwaga. Swali la pili: sasa ndani ya bilauri mna vitu vingapi? Sikiliza kama atasema kimoja au viwili. La tatu: tukiimwaga kwenye sinia pana na kuianika juani siku mbili, tutakuta nini? Akijibu yote matatu sawasawa, shida yake ni ya lugha peke yake, nayo inatibika kwa wiki chache. Akikosea la kwanza au la pili, mwache kwanza na Kiingereza, rudini kwenye bilauri na mizani mpaka dhana ikae, kwa kuwa neno sahihi likiwekwa juu ya fikra mbaya litamfanya aonekane anajua na hakuna atakayemgundua tena.

Kwa swali la tatu, watoto wa huku kwetu wana darasa lililo wazi. Ukitoka Malindi kwenda kaskazini, maeneo ya Gongoni na Kurawa, utaona madimbwi makubwa ya kuvunia chumvi. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvichumvi katika kila kilo moja, nayo yanapoingizwa kwenye madimbwi hayo yenye kina kifupi, jua na upepo huyapunguza maji polepole, mpaka yanayobaki hayawezi tena kuibeba chumvi yote, na punje zikaanza kuonekana. Hakuna anayewasha moto wa digrii 801 pale, na hakuna anayepoza kitu kilichomelti. Chumvi ilikuwa imo tangu baharini, imemumunyuka, na maji yakimwacha mwenzake ndipo anapoonekana. Mwanao akipita njia hiyo kwa basi kuja Malindi au Mombasa, huenda asiyaone madimbwi yote kutoka barabarani, lakini ukimweleza kinachofanyika huko atalielewa jambo la bilauri kwa ukubwa wake.

Hapo pia ndipo utakapokutana na neno kukolea, ambalo mama yeyote wa jikoni analijua. Mchuzi umekolea chumvi, tunasema, na maana yake ni kwamba chumvi imefika kiasi kinachoonekana kwenye ulimi. Darasani atakutana na maneno mawili yanayoligombea. Moja ni la maji yenye chumvi nyingi, ambayo huitwa 'konsentreitedi', na hilo linaafikiana vizuri na kukolea. Jingine ni 'sachureitedi', nalo ni la maji yaliyofika ukomo, yaani ukiongeza punje moja zaidi itazama chini na kukaa, hata ukoroge vipi. Kwa chumvi, ukomo huo ni zile gramu 36 nilizotaja. Kwa hilo napenda kuwaambia wanafunzi kwamba maji yameshiba. Maji yaliyokolea bado yanaweza kupokea, na yaliyoshiba hayapokei tena. Hiyo ni aina ile ile ya kazi tuliyoifanya kwa kuyeyuka, ya kuigawa dhana kwanza kwa maneno yetu kisha kutafuta majina yake.

Nije sasa kwenye Kiingereza cha ufuoni. Sina shaka kwamba mwanao anazungumza vizuri na wageni, kama vile vijana wetu hapa Malindi wanavyozungumza Kiitaliano, na hilo si jambo la kudharauliwa. Lakini mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, tangu mwaka 1979 ameeleza tofauti kati ya lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo, na kutokana na watoto wahamiaji aliowachunguza alionyesha kwamba ya kwanza huweza kupatikana kwa takriban miaka miwili, ilhali ya pili huchukua kama miaka mitano hadi saba. Ufuoni, mgeni akikosa kukuelewa unaonyesha kwa mkono, mashua iko mbele yenu, na uso wake unakuambia kama amefahamu. Katika karatasi ya mtihani hakuna mkono, hakuna mashua, wala hakuna uso. Isitoshe, mtaala wetu humfundisha mtoto kwa lugha ya mazingira yake hadi gredi ya tatu, na kuanzia gredi ya nne masomo huwa kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba maneno kama kuyeyuka, joto, nguvu na uzito yameshaota mizizi kwa maana zake za nyumbani kabla Kiingereza cha sayansi hakijafika.

Na hapa niseme jambo litakalokushangaza. Maneno marefu yanayotisha siyo yanayomkwamisha. Neno kama 'fotosinthesisi', au usanidinuru kwa Kiswahili, mtoto hulikuta halina mwenyewe. Hakuwahi kulitumia jikoni, kwa hiyo halina maana ya zamani ya kupigana nayo, na mwalimu akilieleza mara moja linakaa. Nimetazama orodha nyingi za aina ya yako, na karibu zote zimejaa maneno ya namna hiyo. Yanayomkwamisha ni yale anayodhani anayajua. Watafiti kama Paul Gardner wa Australia, na baada yake Cassels na Johnstone huko Uingereza katika miaka ya 1980, walionyesha kwamba wanafunzi hukwazwa sana na maneno ya kawaida yanayotumika ndani ya sayansi, ambayo mwalimu hayaelezi kwa kuwa hayahesabu kuwa ni ya kisayansi. Tena walikuta hali hiyo hata kwa watoto ambao Kiingereza ndiyo lugha yao ya kuzaliwa.

Mfano mmoja utatosha. Swali likimtaka mwanafunzi aandike alichokiobzavu chumvi ilipotiwa majini, linataka alichokiona kwa macho tu: punje nyeupe zilipungua mpaka hazikuonekana, na maji yakabaki bila rangi. Mwanafunzi mwenye bidii huandika badala yake kwamba chumvi ilidizolvu kwa sababu chembe zake zilitawanyika. Kila alichoandika ni kweli, lakini hakuna jicho lililoziona chembe hizo, kwa hiyo hajajibu swali. Likija swali linalotaka aekspleini, hapo ndipo chembe zinapohitajika, na mwenye kuandika tu kwamba punje hazikuonekana atakosa alama kwa kosa la upande wa pili. Katika Kiswahili tuna "eleza" linalobeba mambo hayo yote, kusimulia, kufafanua na kutoa sababu, na mtoto huhamisha upana huo kwenye Kiingereza bila kujua. Kwa hivyo vitenzi vya amri vilivyo mwanzoni mwa maswali vinastahili kurasa zao katika daftari kabla ya istilahi yoyote ya kemia.

Daftari lenyewe liwe hivi. Kila ukurasa ni wa dhana moja inayogongana na neno la nyumbani, wala si wa herufi ya alfabeti. Juu, mtoto aandike kwa Kiswahili chake mwenyewe nini kinatokea, kwa sentensi mbili au tatu, na achore. Chini yake anakili sentensi moja kutoka kitabu cha darasani yenye neno lile la Kiingereza likiwa na mwandani wake. Kisha aandike kipimo kama kipo, maana kipimo ni alama ya kutambulisha isiyodanganya: katika 'hiti' na 'tempricha', ambazo sisi sote tunaziita joto, ya kwanza hupimwa kwa jouli na ya pili kwa digrii, na kikombe cha maji yanayochemka kina digrii nyingi kuliko ndoo ya maji ya kuoga ingawa ndoo hiyo huweza kuwa na jouli nyingi zaidi ya kupoteza ikipoa. Mwisho wa ukurasa aandike sentensi moja mbaya, ile ambayo yeye angeiandika zamani, aikate kwa mstari, na aseme kwa Kiswahili ubaya wake. Sehemu hiyo ya mwisho isirukwe, kwa kuwa ndiyo inayomkumbusha kwamba njia ile ilishafungwa. Kurasa nne au tano kwa wiki ni nyingi za kutosha.

Usiku mmoja katikati ya wiki mwambie akueleze ukurasa mmoja kwa mdomo, kwanza kwa Kiswahili, kisha mara hiyo hiyo kwa Kiingereza, hata kama wewe Kiingereza hukifuatii. Wewe sikiliza kama anasitasita mahali pale pale katika lugha zote mbili. Akisita kwa Kiingereza tu, anahitaji kurudia sentensi ya kitabu. Akisita kwa zote mbili, hajaielewa dhana, na hapo mnarudi kwenye mizani au sufuria.

Njia hii ina mpaka wake, nao lazima niutaje. Inamfaa mtoto wakati wa kujifunza, lakini haiwezi kuwa njia yake ya kusoma mtihani, kwa sababu anayelitafsiri kila swali kichwani kwenda Kiswahili na kurudi atamaliza muda kabla ya karatasi. Dhana ikishakaa, mnapaswa kuacha kuipitisha Kiswahilini na kumwacha asome kurasa za kitabu chake kwa Kiingereza moja kwa moja, kwa sauti, dakika kumi kila siku. Utajua wakati umefika anapoanza kukueleza jambo kwa Kiswahili na 'dizolvu' ikamtoka yenyewe katikati ya sentensi. Usimgombeze kwa kuchanganya lugha, maana hapo neno limepata mahali pa kukaa.

Baada ya wiki sita mpe vitu ambavyo hamkuvizungumza hata mara moja, aseme kila kimoja kinamelti au kinadizolvu, na atoe sababu bila kufungua daftari. Mpe nta ya mshumaa unaowaka, kipande cha sabuni kilichosahaulika kwenye beseni la maji, rangi ya unga inayokorogwa katika maji ya kutilia ukili, na chokoleti iliyokaa mfukoni mchana. Cha mwisho mpe pipi iliyo mdomoni mwa mdogo wake. Hiyo ni ngumu, kwa sababu hata wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe katika maongezi yao ya kawaida husema kwamba kitu kitamu kinamelti mdomoni. Mwanao akikuambia kwamba joto la mdomo, la digrii 37 hivi, haliwezi kuimelti sukari inayotaka digrii 186, na kwamba ni mate yanayofanya kazi hiyo, kwa hiyo pipi inamumunyuka, mpe lile swali la chumvi nililowauliza wanafunzi wangu, alijibu kwa Kiingereza.